Nakula kamande, mayai na soya, mbona miguu haipati nafuu?

Habari yako mshauri. Mimi ni mkimbiaji, msichana wa miaka 23 mwenye kilo 50. Nakimbia mita 10,000 na nusu marathoni, na nimepanga nyumba hapa Iten pamoja na wenzangu wawili. Mimi ni Msabato, sili nyama wala samaki, ila mayai na maziwa natumia. Kocha aliniambia nipate gramu 80 za protini kwa siku, nikanunua mzani mdogo wa jikoni. Asubuhi nakula mayai 2, gramu 12. Mchana napima gramu 200 za kamande kutoka sufuriani, nahesabu gramu 50. Jioni gramu 100 za vipande vya soya nilivyoloweka, gramu 50 tena. Jumla 112, nimepita hata alichosema kocha. Lakini nikitoka uwanjani Jumanne, miguu inaniuma hadi Alhamisi, na asubuhi tumbo linajaa gesi. Wenzangu wananiambia ninunue poda ya protini. Tafadhali nipangie wiki nzima. Jumanne tuko uwanjani, Alhamisi ni fatleki, yaani mbio za kubadilisha kasi, Jumapili mbio ndefu, Jumamosi sikimbii.
Mkimbiaji wa Iten

Dada, mzani wako hauna kasoro na kujumlisha umejumlisha sawa. Kilichokupoteza ni hali ya chakula wakati unakiweka kwenye mzani. Zile gramu 24 au 25 za protini katika kila gramu 100 za kamande ni za kamande kavu, kama zinavyotoka dukani. Zikiiva hunywa maji na uzito wake hupanda mara mbili na nusu hivi, na maji hayana protini. Sahani yako ya gramu 200 ilianza ikiwa gramu 80 kavu. Ndani yake mna gramu 19 za protini.

Soya nayo imekuchezea vivyo hivyo, tena zaidi. Pakiti ya vipande vya soya huandikwa takriban gramu 50 za protini kwa kila gramu 100, na maana yake ni vipande vikavu, vyepesi, kabla havijaguswa na maji. Ukiviloweka na kuvikamua, uzito wake huwa umepanda karibu mara tatu. Gramu 100 ulizopima zikiwa zimelowa zilikuwa kama gramu 33 kavu, nazo zina protini ya gramu 17 hivi. Mayai peke yake ndiyo uliyohesabu vizuri, kwa sababu yai haliongezeki uzito likichemshwa. Kwa hiyo kamande 19, soya 17 na mayai 12 ni gramu 48, si 112.

Usishtuke, kwa sababu kuna protini ambayo hukuihesabu kabisa. Ugali wa gramu 150 za unga una gramu 12 hivi, maziwa ya chai na mala ukifikisha mililita 300 kwa siku ni gramu 10, na slesi mbili za mkate zinaleta nyingine 5 hivi. Nafanya makadirio ya chini na kuviita vyote gramu 25. Ukijumlisha, unakula gramu 73 kwa siku. Mwanariadha anahitaji kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kila kilo ya mwili wake, na kocha wako amekuwekea 1.6, ambayo ni sawa kabisa kwa mtu anayekimbia mara mbili kwa siku. Pengo lako basi ni gramu 7. Tutaliziba kwa urahisi, lakini nakwambia wazi kwamba gramu 7 peke yake hazielezi miguu inayouma siku mbili. Nitarudi kwenye hilo baada ya ratiba.

Kabla ya ratiba, jifunze kupima sufuria badala ya sahani, maana mnapika watatu. Pima kamande zikiwa kavu. Tuseme mmeweka gramu 240: hizo zina protini ya gramu 58 hivi. Zikishaiva, mkigawana sawa katika sahani tatu, kila mmoja amepata gramu 19, iwe mchuzi ni mzito au mwepesi. Kama hamgawani sawa, pima sufuria tupu siku moja na uandike uzito wake ukutani, kisha pima sufuria yenye chakula na utoe. Mkikuta chakula kina gramu 600 na wewe ukachukua 200, umechukua theluthi ya gramu 58. Kesho mtaweka maji mengi na sufuria itakuwa na gramu 800, na hapo gramu 200 zako zitakuwa robo tu, yaani protini ya gramu 14 au 15. Ndiyo maana idadi ya gramu za kamande zilizoiva haikwambii kitu mpaka ujue zilikuwa ngapi kavu.

Katika ratiba hii nimehesabu kamande kavu kuwa na protini gramu 24 kwa kila 100, vipande vikavu vya soya gramu 50, na yai la trei gramu 6. Yai la kuku wa kienyeji mara nyingi ni dogo, lihesabu 5. Nimeongeza pia unga wa soya kwenye uji, gramu 20 kwa siku, ambazo ni vijiko viwili vikubwa vya mezani. Hizo zina protini ya gramu 7. Jambo la pili nililolifuata ni tumbo lako: usiku wa kuamkia siku ya mazoezi mazito hakuna kamande wala vipande vya soya, kuna mayai. Kamande na soya zina sukari ambazo utumbo wetu hauwezi kuzivunja, zinafika chini zikachachushwa na bakteria, na hiyo ndiyo gesi unayoamka nayo. Ukizila mchana, usiku mzima zina nafasi ya kupita.

Tuanze na Jumapili. Ukirudi kutoka mbio ndefu, katika saa moja ya kwanza kunywa uji wenye unga wa soya na kula mayai 2 ya kuchemsha pamoja na mkate au viazi vitamu. Hapo una 19. Mchana vipande vya soya gramu 40 kavu, vilivyokaangwa na vitunguu, nyanya na hoho, na wali mwingi, kwa sababu siku hiyo misuli imekausha akiba yake ya wanga. Hizo ni 20. Jioni kamande gramu 80 kavu na ugali, 19. Vitu vitatu vimekupa 58, na ukiongeza zile 25 za vyakula vingine unafika 83.

Jumatatu unakimbia polepole, kwa hiyo asubuhi uji wa soya na yai 1 vinatosha, gramu 13. Mchana ndio mlo mkubwa: kamande gramu 100 kavu, ambazo zikiiva ni sahani iliyojaa, pamoja na chapati au wali, gramu 24. Jioni mayai 3 ya kukaanga na nyanya, ugali na sukuma wiki, gramu 18. Jumla 55.

Jumanne baada ya uwanja rudia asubuhi ya Jumapili, mayai 2 na uji wa soya, na usisubiri mpaka uoge, ufue na kupumzika. Mchana soya gramu 40, jioni kamande gramu 80. Ni 58 tena. Jumatano fuata Jumatatu, 55, ukitaka badala ya chapati weka ndizi za kupika ndani ya kamande zenyewe. Alhamisi, siku ya fatleki, fuata Jumanne, 58.

Ijumaa ni siku ya kupika ya siku mbili. Asubuhi uji na yai 1, mchana kamande gramu 100, jioni soya gramu 40. Kwa kuwa kesho yake hukimbii, tumbo likijaa usiku huo si neno. Hiyo ni 57. Wakati kamande za mchana zinaiva, ongeza gramu 80 za Jumamosi kwenye sufuria hiyo hiyo na uziweke kando zikiwa nzito. Chemsha mayai 5. Kanda chapati za Sabato ukichanganya gramu 20 za unga wa soya kwenye unga wa ngano wa fungu lako. Unga wa soya hauna gluteni inayoshikamanisha donge, kwa hiyo ukizidisha zaidi ya sehemu moja kwa tano chapati zitakatika. Kamande zilizoiva zikikaa usiku kucha kwenye joto la chumba huharibika hata Iten, kwa hiyo kama hamna friji, zipoze haraka kwenye beseni la maji baridi, zifunike, ziweke mahali pa baridi kuliko pote, na zichemke kweli kabla ya kuliwa. Zikianza kutoa povu au harufu ya uchachu, mwaga.

Jumamosi basi ni mayai 2 na chapati za soya asubuhi, gramu 19, kamande gramu 80 mchana, nyingine 19, na jioni mayai 3 na ugali au viazi, 18. Jumla 56, na Jumapili alfajiri unatoka na tumbo jepesi.

Kwa wiki nzima vitu vitatu vimekupa gramu 397: kamande 148, mayai 120 na soya 129. Kwa siku ni karibu 57, ukiongeza 25 ni 82. Sokoni hiyo ni mayai 20, kwa hiyo trei moja inakutosha siku 10 hivi, kamande gramu 620, vipande vya soya gramu 160 na unga wa soya gramu 140. Ukipunguza kitu kimoja, kwa mfano mayai yamepanda bei, mayai 4 ni sawa na gramu 100 za kamande kavu au karibu gramu 50 za vipande vya soya. Hesabu hiyo ikae kichwani, itakusaidia kuliko ratiba yangu.

Sasa jiko. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu maharage yanakumalizia gesi na makaa. Kamande ndogo za kahawia zinavumilia hali hiyo kuliko kunde nyingi nyingine, dakika 40 hivi kwenye sufuria ya kawaida, lakini zinakataa kulainika ukiweka nyanya au limau mapema. Tia nyanya zikishavunjika chini ya kidole. Kwa ajili ya gesi ya tumbo, ziloweke tangu asubuhi au usiku, mwaga maji hayo, kisha zipike kwa maji mapya. Vipande vya soya viloweke kwenye maji ya moto dakika 15, vikamue kwa nguvu kama unavyokamua nguo, suuza, vikamue tena. Maji yale ya manjano unayomwaga yanaondoka na sehemu ya zile sukari za gesi na harufu ya kunde ambayo wengi hawaipendi.

Unga wa soya unahitaji uangalifu zaidi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia kimeng'enya kinachosaga protini tumboni, na joto ndilo linalokivunja. Nunua unga wa soya zilizokaangwa au kuchemshwa kabla ya kusagwa. Muuzaji anajua, muulize. Ndani ya uji uchemke dakika 15 za kweli tangu povu la kwanza. Ukionja na ukakuta ladha chungu ya kunde mbichi, haujaiva. Usiunyunyize kamwe mbichi juu ya uji uliokwisha kuepuliwa.

Mayai pia yaive. Wapo wanariadha wanaopasua mayai mabichi kwenye glasi ya maziwa wakidhani ndiyo yenye nguvu zaidi. Mwili hunyonya karibu asilimia 90 ya protini ya yai lililoiva, na karibu nusu tu ya ile ya yai bichi, mbali na hatari ya kuhara wiki ya mashindano. Kwa kuwa maji yenu yanachemka kwenye joto la chini, mpe yai dakika 12 au 13 ili kiini kishike.

Turudi kwenye miguu. Kuna mambo mawili ambayo ningeyatazama kabla ya kulaumu protini. La kwanza ni ule muda baada ya mazoezi. Mpaka sasa asubuhi yako ilikuwa na gramu 12 tu za protini ya mayai, na sehemu kubwa ya protini ya siku iliangukia mchana na jioni, wakati misuli inaanza kujijenga upya mara tu unapovua viatu. Mwili hutumia vizuri zaidi gramu 15 hadi 25 zikija mlo kwa mlo, ndiyo maana nimezigawa hivyo. Na zije na wanga. Mwanariadha akipunguza ugali ili apate nafasi ya kamande, mwili unaichoma sehemu ya protini kama kuni, na misuli inapata kidogo. Usipunguze ugali hata kidogo.

La pili ni madini ya chuma, na hapa nina wasiwasi zaidi. Wewe ni mwanamke, unapata hedhi, unaishi kwenye mwinuko ambako mwili unatengeneza chembe nyekundu nyingi za damu, na huli nyama. Kamande zina chuma, lakini chuma cha mimea kinanyonywa kwa shida, na chai inayonywewa pamoja na chakula inakizuia kwa kiasi kikubwa. Najua Iten chai ya maziwa haiachi meza. Inywe, ila iache saa moja kabla na saa moja baada ya mlo wa kamande. Badala yake kamulia limau kwenye sahani, au kula chungwa au pera pamoja nayo. Vitamini C inafungua njia ambayo chai inaifunga.

Nenda ukapime damu, na usikubali kipimo cha himoglobini peke yake. Omba feritini, yaani akiba ya chuma, kwa sababu akiba inaweza kuisha miezi kadhaa kabla himoglobini haijashuka, na wakati huo wote unahisi miguu mizito na huelewi kwa nini. Vidonge vya chuma usinunue kabla ya majibu, kwani chuma kikizidi kinaumiza ini. Mwombe daktari akupime na vitamini B12 pia. Mayai na maziwa ya ratiba hii yanakuletea kiasi cha kutosha, lakini sijui umekula vipi miaka iliyopita, na akiba ya B12 hupungua polepole sana. Na kama hedhi imekosekana miezi 3 au inakuja kwa kuruka, mwambie daktari na kocha wiki hii hii. Hiyo mara nyingi ni ishara kwamba chakula chote kwa jumla hakitoshi kwa kilomita unazokimbia, na mifupa ndiyo inayolipa kwa kupata nyufa.

Kuhusu poda, usinunue. Vijiko viwili vya unga wa soya na mayai 2 vinakupa gramu 19, karibu sawa na kipimo kimoja cha poda, kwa bei ndogo zaidi. Lakini bei siyo sababu yangu kuu. Virutubisho vya kopo vimewahi kukutwa vimechanganyika na dawa zilizopigwa marufuku bila kuandikwa kwenye lebo, na sheria za kupambana na dawa michezoni zinamhukumu mwanariadha kwa kilichokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua. ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na dawa hizo, wakija kukupima alfajiri, neno "wenzangu waliniambia" halitakusaidia. Mayai na kamande hayana kesi hiyo.

Fuata ratiba hii wiki 4. Jipime uzito Jumatatu asubuhi baada ya choo na kabla ya kula, uuandike pamoja na siku ambazo miguu iliuma. Kilo zikishuka chini ya 49, ongeza kwanza ugali na viazi, kisha kamande gramu 20 kavu kwa siku. Uzito ukibaki palepale na maumivu ya Jumanne yakiisha Jumatano jioni, endelea. Uzito ukibaki na maumivu yakabaki, jibu liko kwenye feritini au kwenye mpango wa mazoezi, na hapo niandikie tena ukiwa na majibu ya maabara mkononi.